TV ibane mwanga wa HDR au konsoli ndo ibane? Ulinganisho kwa wanaochoka kuona jua na mawingu vimekuwa doa moja jeupe

Kuna watu wananunua TV nzuri kabisa, wanachomeka PS5, HDR inawaka, halafu kwenye gemu jua likiwa linazama wanaona duara limeyeyuka ndani ya mawingu, hamna kingo wala rangi ya chungwa, ni weupe mtupu. Wengi hapo wanasema TV mbovu. Mara nyingi TV haina shida yoyote, shida ni kwamba hakuna aliyeamua nani afanye kazi ya kubana mwanga, yani hiyo toni mapingi, TV au konsoli. Na hapa kwetu Mwanza ukishazoea kuangalia jua likishuka ziwani upande wa Kamanga, unajua kabisa jua halitakiwi kufanana na taa ya tyubu, ndo maana hili jambo linaniuma.

Tuanze na kwa nini kubana kunahitajika kabisa. HDR ya kawaida, HDR10, inatumia mfumo wa PQ uliowekwa kiwango mwaka 2014, na PQ haisemi "mwanga asilimia fulani ya TV yako", inasema kiasi chenyewe kwa niti, yani kipimo cha ukali wa mwanga wa skrini, hadi niti 10,000. Gemu ikisema hapa ni niti 1200, inamaanisha 1200, iwe TV inaweza au haiwezi. Sasa TV nyingi tulizonazo majumbani haziwezi. Hizi LED za bei ya kawaida zinafika 300 hadi 400 hivi, OLED za miaka michache nyuma zinafika kama 700 na kitu kwenye eneo dogo la skrini, na skrini ikijaa nyeupe yote zinashuka mbali sana chini ya hapo. Kwa hiyo kila kinachozidi uwezo wa TV lazima mtu akishushe kwa akili. Asipokishusha mtu, TV inakikata pale ilipoishia na vyote vya juu ya hapo vinakuwa weupe uleule, hiyo ndo tunaita kuungua.

Sasa wanaoweza kushusha ni wawili.

TV ikibana yenyewe, inapokea picha ambayo gemu imeshaimaliza, haijui hiki ni jua, hiki ni maandishi ya risasi zilizobaki, hiki ni shati jeupe. Inachoona ni namba za mwanga tu, basi inaukunja ule mwanga wa juu ili vya niti 4000 viingie kwenye 750 yake. Kwa filamu huwa kuna maelezo yanayosafiri na picha yanayoiambia TV kwamba mwanga wa juu kabisa humu ni kiasi fulani, ila kwenye magemu hayo maelezo si ya kutegemea, gemu inatengeneza picha papo hapo na haijui dakika ijayo utageukia wapi. Kwa hiyo TV inakisia. Zingine zinakisia kwa mkunjo mmoja usiobadilika, zingine zinaangalia kila fremu na kubadilisha mkunjo kadri unavyotembea, ndo ile LG wanaiandika Dynamic Tone Mapping.

Konsoli ikibana, au niseme gemu ndani ya konsoli, inabana kabla picha haijakamilika, wakati bado inajua mwanga halisi wa kila kitu kwenye ile dunia yake. Inajua jua ni kali mara ngapi kuliko ukingo wa wingu, inajua maandishi ya kwenye skrini yakae niti ngapi yasiumize macho. Inachohitaji kuambiwa ni kitu kimoja tu: TV yako inaishia wapi. Ikishajua, inapanga vyote viishie hapo, na TV inatakiwa ionyeshe kama ilivyopewa bila kuongeza mkono wake. Hiyo ndo maana ya HGIG unayoiona kwenye menyu za TV, ni mwongozo wa kundi ambalo Sony na Microsoft wamo, unaosema konsoli ibane, TV inyamaze.

Na hapa ndo wengi wanapotea, kwa sababu HGIG sio "modi ya picha nzuri". HGIG ni TV kuacha kufanya kazi. Ukiiwasha halafu konsoli haijaambiwa ukweli, umewaondoa wote wawili kazini, na mwanga unaungua vibaya kuliko mwanzo.

Nichukue mfano mmoja tuupige hesabu. Sema TV inaishia niti 750. Kwenye gemu kuna machweo: anga ni niti 150, wingu 600, ukingo wa wingu unaopigwa na jua 1200, jua lenyewe 4000. Namba zilizo kwenye jedwali ni za kuonyesha tabia tu, kila gemu na kila TV ina mkunjo wake, ila mpangilio wake ndo huohuo utakaouona kwa macho.

| Nani anabana | Anga | Wingu | Ukingo | Jua |
|---|---|---|---|---|
| Konsoli inajua 750, TV iko HGIG | 150 | 430 | 600 | 750 |
| Konsoli inadhani 4000, TV iko HGIG | 150 | 600 | 750 | 750 |
| Konsoli inadhani 4000, TV inabana | 140 | 420 | 570 | 740 |
| Konsoli inajua 750, TV nayo inabana | 220 | 560 | 690 | 750 |

Mstari wa pili ndo ugonjwa wenyewe. Ukingo na jua vyote 750, macho hayawezi kuvitenganisha, duara limepotea. Hamna aliyebana. Na angalia wingu liko vizuri tu, anga iko vizuri, ndo maana mtu anacheza wiki nzima ndani ya nyumba na mapangoni haoni tatizo, mpaka atoke nje saa ya jua.

Mstari wa nne ni ugonjwa wa pili na huu watu wanaupenda bila kujua, maana picha inang'aa. Ni kama suruali uliyompa fundi akakata ikakutosha, halafu fundi mwingine akaipokea akakata tena. TV inaona picha inaishia 750, inasema ah hii nafasi ipo, inapandisha vya katikati, anga inatoka 150 inakuwa 220, wingu linapanda, kule juu vinabanana, ukingo na jua vinakaribiana mno. Havijaungua kabisa, ila ule ukali wa jua haupo tena kwa sababu kila kitu kimekuwa kikali. Vivuli vinakuwa vyepesi, usiku kwenye gemu unakuwa kama jioni.

Mistari miwili iliyobaki, wa kwanza na wa tatu, yote inakubalika. Jua linaonekana, ukingo unaonekana. Tofauti ni ndogo kwenye jedwali ila kwenye kucheza inajulikana, kwa sababu wa kwanza umetulia na wa tatu, TV ikiwa ya kubadilisha kila fremu, unapumua. Ukigeuza kamera kutoka ukutani kwenda kwenye jua, TV inapanga upya mkunjo na unaona majani au barabara inapungua mwanga taratibu wakati kitu chenyewe hakijabadilika. Kwenye mbio za magari, ukitoka kwenye handaki, ni hivyohivyo. Kuna watu haliwasumbui, mi linanisumbua sana.

Sasa utajuaje TV yako inabana au imenyamaza? Hiki ndo kipimo na hakihitaji kifaa chochote. Kwenye PS5 nenda Settings, Screen and Video, Video Output, Adjust HDR. Zinakuja skrini tatu. Mbili za mwanzo ni za mwanga wa juu, moja inapima eneo dogo na nyingine inapima skrini ikiwa imejaa mwanga, ya tatu ni ya giza. Kwenye zile za mwanga unaona alama imekaa ndani ya mwanga, unabonyeza juu, mwanga unapanda, alama inafifia mpaka inapotea. Inapotea kwa sababu TV imefika mwisho, alama na kinachoizunguka vyote vimekatwa pale pale. Pale inapopotea tu ndo mwisho wa TV yako, simama hapo, usiendelee kubonyeza ukidhani unaongeza uzuri, maana kila unachoongeza baada ya hapo unaiambia konsoli uongo na gemu itapeleka vitu juu ya dari.

TV ikiwa kwenye HGIG alama inapotea mapema na inapotea ghafla. Badilisha TV iwe Dynamic, rudi kwenye skrini ileile, utaona alama imerudi! Unabonyeza na kubonyeza bado ipo, kwa LG inaweza kuendelea kuonekana mpaka karibu na niti 4000. TV haijapata nguvu mpya, inaikunja tu ile alama iingie ndani. Kwa hiyo kama TV yako haina neno HGIG popote, fanya hicho kipimo: alama ikiendelea kuonekana mbali kupita uwezo unaoujua wa TV hiyo, TV inabana, hata kama menyu haisemi.

Kuna dogo mmoja ana banda la gemu huku Kirumba, ana OLED ya LG ya mtumba ambayo wateja wanaigombania, akaniuliza, "Kaka, hii TV mbona mechi za usiku ziko poa ila gemu za porini mawingu yote meupe, nimeweka HGIG kama walivyosema." Nikamuuliza lini alifanya Adjust HDR, akasema siku ile ya kwanza anachomeka PS5, kabla hajajua habari za HGIG. Hapo jibu lilishapatikana kabla sijaishika rimoti. Siku ile TV ilikuwa inabana yenyewe, alama ikakataa kupotea, akapandisha juu sana, konsoli ikaweka kumbukumbu kwamba TV ni ya niti elfu kadhaa. Baadaye akaiambia TV inyamaze. Ni mstari wa pili wa jedwali letu, mtupu.

Tulichofanya, na mpangilio wake una maana: kwanza tukaingia gemu ili TV iwe kwenye modi ya gemu yenyewe, kwa LG inaitwa Game Optimizer, kwa sababu setingi za picha zinahifadhiwa kwa kila modi na ukibadilisha kwenye Cinema hujabadilisha kwenye gemu. Tukazima ile ya kuokoa umeme, hiyo inashusha mwanga na kipimo chote kinakuwa cha uongo. Kontrasti tukairudisha ilivyotoka kiwandani, alikuwa ameichezea. Ndipo tukaweka HGIG, kwenye LG za nyuma iko chini ya Dynamic Tone Mapping na za karibuni wanaandika HDR Tone Mapping. Baada ya hapo ndo tukaenda Adjust HDR tukaanza upya toka chini, skrini mbili za kwanza mpaka alama inapotea tu, na ya tatu, kwa sababu OLED nyeusi yake ni nyeusi kweli, tukaishusha mpaka chini kabisa. Tukarudi porini. Jua likawa duara, na kuzunguka duara kuna ile njano inayoingia kwenye chungwa. Dogo akabaki anageuza kamera tu.

Ila kulikuwa na gemu moja halikubadilika, na hili lijue mapema. Sio magemu yote yanasoma kile ulichopima kwenye konsoli. Mengine yana slaida yao ndani, Red Dead Redemption 2 kwa mfano inakuuliza mwanga wa juu kwa niti kabisa, hapo unaandika namba ya TV yako wewe mwenyewe, na ukiiacha 1000 kwenye TV ya 750 iliyo kwenye HGIG, vya kati ya 750 na 1000 vinaungua. Na mengine hayana slaida wala hayasomi, yametengenezwa na dari lao moja tu. Kwa hayo, konsoli haina msaada, iachie TV ibane. Kwa hiyo kabla hujalaumu setingi zako angalia kwanza menyu ya gemu yenyewe.

Sasa kwa wenye TV za bei ya kawaida, ambao ndo wengi, usije ukadhani umekosa kitu kikubwa kwa kukosa HGIG. Kwa TV inayoishia 350 mi nasema wazi, iachie TV ibane, hata ungekuwa na chaguo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga wa kubana iko juu ya 350, na magemu mengi hayajajaribiwa yabane kiasi hicho yakiambiwa dari ni 350, yanaweza kutoa picha bapa, mengine hayakubali hata kushuka hapo. Unachotakiwa kufanya ni kuizuia TV isibadilike badilike: zima ya kubadilisha kila fremu kama ipo, acha mkunjo mmoja, halafu pima Adjust HDR hivyohivyo, alama itapotelea mbali kidogo na ni sawa, kwa sababu hapo unaiambia konsoli TV inapokea mpaka wapi, sio inawaka mpaka wapi. Unapata mstari wa tatu uliotulia. Kwenye Sony za Bravia utakuta chaguo mbili za kubana, Gradation preferred na Brightness preferred, ya kwanza inalinda tofauti kule juu hata kama picha inapungua mng'ao, chukua hiyo kama unachukia kuungua. Na PS5 ikichomekwa kwenye Bravia zinazokubali Auto HDR Tone Mapping inajipanga yenyewe kwa kuitambua TV, hapo huna cha kuhangaika.

Kuna jambo la chumba pia. HGIG inafuata namba kama zilivyo, kitu cha niti 100 kinatoka 100, na sebule nyingi hapa mchana zina mwanga wa kutosha kusoma gazeti, madirisha makubwa, mabati ya jirani yanarudisha jua ndani. Niti 100 kwenye chumba hicho ni giza. Kama unacheza mchana na pazia jepesi, Dynamic ikiwa imewashwa utaona vizuri zaidi vilivyo kivulini, na hapo mi siwezi kukulazimisha HGIG, ila basi pima konsoli upya ukiwa kwenye hiyo Dynamic ili usiangukie mstari wa nne, na ukubali kule kupumua. Ukicheza usiku taa zimezimwa, HGIG na konsoli, bila kujadili. Njia nzuri kwa anayecheza saa zote ni kupandisha ule mwanga wa kati ndani ya gemu lenyewe, yanayoruhusu, ukabaki HGIG, kwa sababu hapo gemu inapandisha anga na kuta huku bado inajua jua liko wapi.

Filamu ni kinyume. Ukifungua Netflix au diski, hamna gemu linalobana, picha ilishatengenezwa studio kwa niti 1000 au 4000, na konsoli inapitisha tu. Hapo TV lazima ibane, ukiacha HGIG utaunguza filamu. Kwa LG hainipi wasiwasi kwa sababu HGIG imekaa kwenye modi ya gemu, toka kwenye hiyo modi unapoanza filamu, ingia Filmmaker au Cinema, yatosha. Na kwenye PS5 weka HDR iwe On When Supported, sio kila wakati, vinginevyo vitu visivyo vya HDR vinageuzwa na rangi zinachakaa bure.

Anayebeba konsoli kwenda kwa ndugu Ilemela wikiendi akachomeka kwenye TV nyingine, ajue kipimo kilichomo ni cha TV ya nyumbani. Dari la 750 likienda kwenye TV ya 350 inayonyamaza, machweo yanaungua tena. Pima ukifika, pima ukirudi, na kama TV imesasishwa programu au umeme umekatika ikarudi kwenye setingi za kiwandani, angalia kwanza modi ya picha kabla hujaanza kubonyeza.